Akiba za benki

Akiba za benki ni fedha taslimu zilizomo katika benki ya biashara pamoja na salio lake katika benki kuu. Sehemu yake ni akiba ya lazima, yaani asilimia ya amana za wateja ambayo sheria huitaka benki isiikopeshe. Kinachobaki juu ya hapo huitwa akiba ya ziada.

## Katika mizania

Mizania ya benki huonyesha mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili. Amana ni deni, kwa sababu benki inadaiwa na wateja wake. Mikopo iliyotolewa ni mali.

Kwa mfano, benki ina amana za shilingi bilioni 100 na mtaji wa bilioni 10. Mali zake ni akiba bilioni 10, dhamana za serikali bilioni 15 na mikopo bilioni 85. Kiwango cha lazima kikiwa asilimia 6, akiba ya lazima ni bilioni 6 na ya ziada ni bilioni 4.

## Wateja wanapotoa amana

Wateja wakitoa bilioni 10, akiba yote inakwisha. Amana zinabaki bilioni 90, lakini akiba ya lazima inashuka kidogo tu, kutoka bilioni 6 hadi 5.4. Kwa hiyo kinga halisi ya benki ilikuwa ile akiba ya ziada. Sasa ni lazima benki itafute bilioni 5.4: iuze dhamana, isitishe mikopo mipya au ikope benki kuu.

Wateja wakitaka bilioni 30 kwa mara moja, akiba na dhamana, jumla bilioni 25, hazitoshi. Mikopo haiwezi kudaiwa yote kwa siku moja, hivyo benki yenye mtaji inaweza kushindwa kulipa. Nchini Kenya, Chase Bank ilishindwa kutimiza malipo yake tarehe 6 Aprili 2016 baada ya wateja kukimbilia kutoa fedha. Kesho yake Benki Kuu iliiweka chini ya usimamizi wa Shirika la Bima ya Amana.

## Riba ya benki kuu

Riba ambayo benki kuu hutoza benki zinazoikopa huathiri pia mikopo kwa wananchi. Katika mfano huu, kukopa bilioni 5.4 kwa mwaka hugharimu milioni 378 riba ikiwa asilimia 7, na milioni 270 ikiwa asilimia 5. Riba ikipanda, benki huona heri kubaki na akiba kubwa ya ziada, na hukopesha kidogo.

Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba hiyo kutoka asilimia 7 hadi 5. Kuanzia Juni, kiwango cha akiba ya lazima kilishuka kutoka asilimia 7 hadi 6. Hata hivyo, hatua hizo huongeza uwezo wa kukopesha tu. Benki inayohofia wakopaji kutolipa inaweza kuiacha akiba hiyo bila kuitumia.