Siku ya Ine si Jumanne: Unukuzi na Upangaji wa Tarehe za Daftari Moja la Dzaleka

Makala haya yanahusu daftari la mkono lililoandikwa na mzee mmoja kutoka Uvira, Kongo ya Mashariki, anayeishi katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Jina la mzee tunalihifadhi kwa ombi lake. Haja yake ilikuwa wazi: jalada lake katika ofisi fulani lilionesha kwamba familia iliwasili mwaka 2002, naye alishikilia kuwa ni 2001.

Daftari halikutoka kambini. Tulipiga picha kila ukurasa kando ya dirisha, bila mmweko wa kamera, rula ikiwa pembeni. Kurasa zilizofifia tulizipiga mara ya pili kwa mwanga wa ubavuni, ili mikwaruzo ya kalamu itoe kivuli pale wino ulipotoweka. Unukuzi ulifanyika Lilongwe, mstari kwa mstari, bila kusahihisha tahajia. Neno lenye shaka liliwekewa alama ya kuuliza. Kisha tulirudi Dzaleka kumsomea mzee kwa sauti, na hapo ndipo kosa letu kubwa lilipogunduliwa.

Kuhusu kuanguka kwa Uvira, daftari linataja "siku ya ine" bila tarehe. Mwenzetu aliyekulia pwani alinukuu "Jumanne". Mzee alicheka. Katika Kiswahili cha Kongo juma huhesabiwa kuanzia Jumatatu, siku ya kwanza. Kwa hiyo siku ya ine ni Alhamisi. Anayehesabu kwa mazoea ya pwani, ambako hesabu huanzia Jumamosi, hupoteza siku mbili bila kujua. Majeshi ya AFDL yaliuteka mji wa Uvira kati ya tarehe 24 na 25 Oktoba 1996, na tarehe 24 ilikuwa Alhamisi. Laiti tungeibakiza Jumanne, tungemshuku shahidi mwaminifu kwa kosa la mnukuzi.

Ufunguo huohuo ulitatua tatizo la pili. Siku ya kuvuka ziwa kuelekea Kigoma ilisomeka ama 1 ama 7 Novemba 1996. Waliosomeshwa kwa mtindo wa Kibelgiji huanza tarakimu 1 kwa mkwaju mrefu unaopanda, hata ifanane na 7. Tulilinganisha na "1996" zisizo na shaka: 1 zake zote zina mkwaju, na 7 zake kwa kawaida hukatwa kiunoni, lakini hapa wino ulikuwa umevuja palepale kiunoni. Kando yake, hata hivyo, iliandikwa "siku ya tano", yaani Ijumaa. Tarehe 1 Novemba ilikuwa Ijumaa. Tarehe 7 ilikuwa Alhamisi.

Kuwasili Dzaleka hakuna tarehe kabisa. Mzee aliandika tu kwamba majuma matatu baadaye jua lilifichwa, "saa tisa". Kupatwa kwa jua kuliko kubwa kulionekana Malawi mara mbili katika miaka hiyo: alasiri ya tarehe 21 Juni 2001, na asubuhi ya tarehe 4 Desemba 2002. Je, saa tisa ni ya hesabu ya Kiswahili, yaani alasiri, au ni ya hesabu ya Kifaransa, yaani asubuhi? Nakiri kwamba tulitamani jibu la 2001, kwa hiyo tulianza kwa kulitetea la 2002. Halikusimama. Kwingineko katika daftari jua huchwa "saa kumi na mbili", hesabu ya Kiswahili. Na ukurasa uleule unalalamikia baridi na vumbi, ambavyo ni vya Juni, ilhali Desemba ni mwezi wa mvua. Kuwasili kukawa takriban tarehe 31 Mei 2001.

Katika jedwali la mwisho kila tukio lilipewa safu nne: maneno ya mzee kama yalivyo, tarehe tuliyoipata, msingi wake, na kiwango cha uhakika. Uvukaji wa ziwa ni "hakika"; kuwasili ni "kwa makisio", kwa sababu majuma matatu ya kumbukumbu yanaweza kuwa mawili au manne. Makisio hayo hayafiki 2002 hata yakinyoshwa.

Tukio moja halikupata tarehe. Ni maziko ya mtoto njiani, baada ya Kigoma na kabla ya Dzaleka, yaliyoandikwa "siku ya Mungu", yaani Jumapili, bila mwezi wala mwaka. Mzee aliomba tuchague Jumapili mojawapo. Tuliandika: kati ya Novemba 1996 na Mei 2001, siku ya Mungu.