Zamu ya Kuwa Mgeni

Mratibu wa ligi ya mtaani kwetu alinijia na karatasi ya daftari yenye majina ya timu tano, akaniomba nimsaidie kupanga mechi. Zawadi ya bingwa ni mbuzi, na kila timu ina kiwanja chake, hata kama kimojawapo kina mwembe karibu na kibendera cha kona. Nilikubali, na mpira si sababu. Nilitaka kuona kazi ile ina majina gani kwa Kiswahili, na mengine yasipokuwepo, tuyatafute.

Nianze na jina lake mwenyewe. Mratibu, ratiba, utaratibu, taratibu: ukoo mmoja huo, wa asili ya Kiarabu, na kiini chake ni kuviweka vitu kwa mpangilio. Sisi tumempa mmoja wa ndugu hao kazi ya ziada, tukamwambia mtu “nenda taratibu” kwa maana ya polepole, kana kwamba anayefuata mpangilio hawezi kukimbia. Kwa mpanga ratiba maana zote mbili zinafaa.

Timu zikitoana tunaita mtoano. Neno hilo limeundwa vizuri mno: toa, toana, mtoano, na asiyejua mpira ataelewa kwamba humo kuna watakaorudi nyumbani mapema. Lakini mashindano ambayo kila timu hucheza na kila timu tunayaitaje? Watangazaji husema “mtindo wa ligi” na kupita. Ningefuata mfano wa mtoano nikasema wanakutana, basi ni mkutano, ila neno hilo wanasiasa wamelishika na hawaliachii. Nikafikiria kuzungukana, nikakumbuka kwamba kumzunguka mtu ni kumfanyia hila nyuma ya mgongo wake, jambo ambalo kamati za ligi hulalamikiwa tayari.

Pendekezo langu ni mpokeano. Pokea, pokeana, mpokeano: leo mimi nakupokea kwangu, kesho wewe unanipokea kwako. Linasimama vizuri mbele ya mtoano, na limebeba ndani yake sharti la haki ambalo “mtindo wa ligi” haulisemi. Kama tutacheza mara moja tu, mmoja wetu amepokea na mwenzake hakupokea. Hiyo ni nusu ya mpokeano.

Hapo tunakuta neno linalochanganya kuliko yote: mzunguko. Gazetini utasoma “mzunguko wa 12”, maana yake wiki ya kumi na mbili ya mechi, na ukurasa huohuo utasoma “mzunguko wa pili”, maana yake nusu ya pili ya msimu. Wakenya nusu hizo huziita mikondo, na wanaepuka ajali hii. Mimi ningeliachia neno raundi ile seti ya mechi zinazochezwa wikiendi moja, na mzunguko libaki kwa safari nzima ya kukutana na wote. Timu sita zina raundi tano katika mzunguko mmoja, zenye mechi tatu kila moja. Sema sentensi hiyo kwa neno moja tu, uone itakavyokwama.

Timu zetu zilikuwa tano, na tano ni witiri. Walimu wa hesabu bado wanayo maneno haya mawili, witiri na shufwa, na anayeswali witiri usiku analijua la kwanza kwa njia nyingine. Shufwa ni iliyopata mwenzake, witiri ni iliyobakiza mmoja peke yake. Kila raundi, basi, timu moja itakosa wa kucheza naye. Wacheza sataranji husema imepata bai, neno la kukopa ambalo halina jamaa hapa kwetu. Mtaani husemwa tu “leo wanapumzika”, na mimi sioni haja ya zaidi: raundi ya mapumziko.

Lakini mpanga ratiba ana ujanja wake. Huongeza timu ya sita isiyokuwepo, halafu anayepangwa nayo ndiye anayepumzika. Tuliwahi kuwa na wafanyakazi hewa waliojaa kwenye orodha za mishahara bila kuonekana ofisini, na lugha ikajifunza kitu: hewa ni jina la mtu aliyepo kwenye karatasi tu. Sioni jina bora kuliko timu hewa. Hii angalau haili mshahara.

Njia yenyewe ni ya majedwali yanayobeba jina la Johann Berger, mchezaji sataranji wa Austria wa karne ya 19. Zipe timu namba, hewa iwe 6. Raundi ya kwanza andika 1–6, 2–5, 3–4, anayetangulia kuandikwa akiwa mwenyeji. Kupata raundi inayofuata, ongeza 3 kwa kila namba isipokuwa 6, na ikizidi 5, toa 5. Namba 6 haisogei: ni kigingi, na wenzake ndio wanaozunguka, kama mbuzi wa zawadi aliyefungwa pembeni ya uwanja. Kigingi nacho kiandikwe mara nyuma, mara mbele, kwa kupokezana.

Ukifanya hivyo unapata: raundi ya pili 6–4, 5–3, 1–2; ya tatu 2–6, 3–1, 4–5; ya nne 6–5, 1–4, 2–3; ya tano 3–6, 4–2, 5–1. Futa kila mechi yenye 6, kisha ifuate timu yoyote kwa kidole. Namba 2, kwa mfano: nyumbani, ugenini, mapumziko, nyumbani, ugenini. Zote tano ziko hivyo, mbili kwake na mbili kwa watu, na hakuna aliyecheza ugenini mara mbili mfululizo.

Nyumbani na ugenini. Watoto wa shule ya msingi wanaweza kueleza kiambishi -ni cha mahali kwa maneno haya mawili, lakini hayako sawa. Nyumba unaweza kuigusa. Ugeni ni hali, na sisi tumeitia -ni tukaigeuza kuwa mahali panapofikika kwa daladala. Timu haichezi tu mbali, inacheza ndani ya ugeni wake. Na mwenyeji wengi humsikia kama mwenye mji, yaani ana zaidi ya kiwanja: ana mipira, ana waokota mipira, na hapa kwetu ana kazi ya kuchora mistari kwa chokaa asubuhi. Ndiyo maana sipendi “timu ya nyumbani” inayoanza kusikika redioni. Mwenyeji yupo, aachwe afanye kazi yake.

Kupishana huko kwa nyumbani na ugenini nako kunahitaji jina, na lipo tangu bibi zetu walipokuwa wakichota maji kisimani: zamu. Timu iliyokuwa mwenyeji wiki iliyopita, zamu yake sasa ni kuwa mgeni. Ikipangiwa hali ileile tena, imeruka zamu, na tukio lenyewe naliita mruko. Wataalamu wa ratiba katika lugha nyingine husema mpango “umevunjika”. Kwetu ingesikika kama mtu ameteguka mguu.

Neno mruko lilipata kazi upesi kuliko nilivyotarajia. Siku mbili kabla ya kuanza, timu ya sita ililipa kiingilio. Tukaitoa hewa, tukamkalisha mgeni huyo kwenye namba 6, na ratiba iliyokuwa safi ikapata miruko minne: namba 1, 2, 4 na 5, kila moja mmoja. Pengo lililokuwa la mapumziko sasa lina mechi, na mechi hiyo imeegemea upande. Namba 1, iliyokuwa ipumzike kwanza, sasa inaanza nyumbani mara mbili.

Mratibu alidhani nimekosea. Hakuna ratiba ya timu shufwa isiyo na mruko, zikizidi mbili. Timu isiyoruka zamu ina mwendo wa aina mbili tu: ianze nyumbani na kupishana, au ianze ugenini na kupishana. Timu mbili za mwendo mmoja haziwezi kukutana, kwa kuwa kila raundi zote mbili ni wenyeji au zote mbili ni wageni. Kwa hiyo wanaoweza kuwa bila mruko ni wawili, huku kwetu 3 na 6, na wanaobaki waruke angalau mara moja. Kwa timu sita, minne ndiyo idadi ndogo kabisa. Wala mizani haikamiliki katika mzunguko mmoja, maana mechi tano hazigawanyiki: watatu watakuwa wenyeji mara tatu, watatu mara mbili. Mzunguko wa pili ndio unaosawazisha, tano kwa tano.

Mzunguko wa pili ni wa marudiano, neno ambalo lina uhai mwingine nje ya uwanja, kwa wapenzi waliokosana wakarudiana. Nami nilirudia kwa uvivu: nikachukua raundi zilezile kwa mpangilio uleule, nikageuza wenyeji. Nahodha wa namba 1 akaja na ratiba mkononi. “Shikamoo, Mwalimu. Hivi sisi ni timu au ni watalii?” Nikaitazama. Raundi ya tano yuko kwa 5, ya sita kwa 6, ya saba kwa 2. Ugenini mara tatu mfululizo, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Namba 4 walikuwa nyumbani mara tatu kwa wakati huohuo, na hao hawakuja kunisalimia.

Dawa ni ndogo. Marudiano ya raundi ya kwanza yaondolewe mbele yapelekwe mwisho kabisa, mzunguko wa pili uanze na marudiano ya raundi ya pili. Namba 1 sasa wako kwa 5, kisha kwa 2, kisha nyumbani dhidi ya 3. Niliwapitia wote sita kwa kidole, hakuna anayefika mara tatu. Kwa kosa lile nilitaka neno, na nahodha amenipa bila kujua: utalii. Mruko ni mara mbili, utalii ni mara tatu.

Linabaki moja ambalo watu wa mtaani walishalimaliza kabla yetu. Mechi iliyoahirishwa, ikabaki kuchezwa baadaye, ni kiporo: chakula cha jana kilichofunikwa mezani. Timu ina viporo viwili, itakula kiporo chake Jumatano. Mvua imeshatupa kimoja, cha 3–1. Kamati ikataka kukihamishia kwa namba 1 kwa kuwa kiwanja chao kimekauka, na hapo nikakataa, kwa sababu kiporo huliwa kwenye nyumba kilikopikiwa. Mratibu aliniuliza, na kama kikihamishwa kweli, tutakiitaje? Bado natafuta. Mwenye neno asikae nalo.