Jinsi ya kujua urefu wa mnara bila kuupanda

Msikilizaji, chukua mfano huu. Mkazi wa Umwe, wilayani Rufiji, ana nyumba iliyo mita 45 kutoka kitako cha mnara wa simu. Anauliza: mnara ukianguka kuelekea kwake, utaifikia nyumba?

Anasimama mahali tambarare, mita 60 kutoka katikati ya kitako. Asianzie kuhesabu kwenye uzio, maana atapunguza mita kadhaa. Mkononi ana kipima pembe cha shule kilichofungwa uzi wenye jiwe dogo kwenye kitovu chake. Anachungulia kileleni kupitia ukingo ulionyooka, na mwenzake anasoma uzi umekatiza wapi. Umekatiza nyuzi 55.

Hapa ndipo wengi hukosea. Uzi unaonyesha pembe kati ya macho yake na mstari wa wima, wakati pembe ya mwinuko hupimwa kutoka mstari wa ulalo. Kwa hiyo ni 90 kutoa 55, yaani nyuzi 35. Akitumia 55 moja kwa moja atapata mnara wa mita 87. Njia ya kugundua kosa ni rahisi: ikiwa mwinuko haufiki nyuzi 45, mnara ni lazima uwe mfupi kuliko umbali aliosimama, ukihesabu kuanzia usawa wa macho.

Tanjenti ya pembe ni kimo kugawanya kwa umbali. Kwenye jedwali, tanjenti ya 35 ni 0.7002. Ukitumia kikokotoo cha simu, hakikisha kioo kimeandika DEG; ukiona 0.47, kipo kwenye RAD.

Mita 60 mara 0.7002 ni mita 42. Lakini hicho ni kimo kuanzia machoni, si ardhini. Macho yake yako mita 1.5 juu ya ardhi, hivyo mnara ni mita 43.5. Wanafunzi wengi husahau kujumlisha hiyo mita moja na nusu.

Je, nyumba imesalimika kwa mita moja na nusu? Tusikimbilie. Uzi hutikisika kwa upepo, na kukosea nyuzi moja ni jambo la kawaida kabisa. Mwinuko ukiwa 36, tanjenti ni 0.7265 na mnara unakuwa mita 45.1. Nyumba imefikiwa.

Anaweza kuhakiki kwa kusogea karibu na mnara mpaka uzi usome 45. Tanjenti ya 45 ni 1, kwa hiyo umbali wake ukijumlishwa na 1.5 ndio urefu wa mnara. Hesabu yake ikiwa sahihi, atakuwa kwenye mita 42 hivi. Hata hivyo, kipimo hiki nacho kinaweza kupotoka kwa mita moja na nusu. Kwa nyumba iliyo mpakani namna hii, kipima pembe cha shule hakitoshi. Aulize urefu kamili kwa kampuni inayomiliki mnara.