Daftari la Moja na Sifuri

Msomaji wa makala haya bila shaka amekwisha kufundishwa darasani ya kwamba tarakilishi huandika kila kitu kwa tarakimu mbili tu, 1 na 0. Jambo asilofundishwa mara nyingi ni kwamba waya haupokei tarakimu hizo bila masharti. Ukizipeleka moja nyingi kuliko sifuri kwa muda mrefu, upande wa pili hautambui tena ipi ni moja na ipi ni sifuri, hata kama waya ni mzima na mashine hazina kasoro. Wahandisi walihitaji zaidi ya miaka mia moja kulitibu tatizo hili barabara, na dawa waliyoipata hatimaye inafanana sana na daftari la mwenye duka.

Tatizo lilianzia chini ya bahari. Mwezi wa Agosti 1858 kebo ya kwanza ya simu ya maandishi ilipita chini ya Atlantiki kutoka Ayalandi hata Nyufaundlandi. Malkia Viktoria akampelekea Rais Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98, nazo zikachukua saa kama 16 kufika. Sababu ya uzito huo ilikwisha kuelezwa na William Thomson: kebo ndefu iliyozungukwa na maji ni kama chupa kubwa ihifadhiyo umeme. Kila mdundo unaoutia huacha mabaki, na mabaki hayo huchanganyika na mdundo unaofuata. Wildman Whitehouse, aliyekuwa fundi mkuu wa umeme wa kampuni ile, alidhani kwamba nguvu zaidi ndiyo dawa. Akaifikisha kwenye volti kama 2,000, na mapema mwezi wa Septemba kebo ikafa.

Njia ya Thomson ilikuwa ya upole. Alitumia umeme mdogo na kioo chepesi kilichorusha doa la mwanga ukutani. Katika kebo za bahari ikawa desturi kwamba nukta ni umeme wa kwenda upande mmoja, na kistari ni umeme wa kwenda upande wa pili, vyote viwili vya muda ule ule. Doa likienda upande mmoja ni nukta, likienda upande wa pili ni kistari. Kebo ya namna hiyo ilifika Unguja kutoka Adeni mwaka wa 1879, ikaendelea kusini hata Durban.

Sasa chukua kalamu, msomaji, uandike neno «hisi» kwa alfabeti ya Morse. H ni nukta nne, I ni mbili, S ni tatu, na I tena ni mbili. Hesabu yake ni nukta kumi na moja wala hamna kistari hata kimoja. Kisha andika «moto»: utapata vistari tisa bila nukta. Karani anayepeleka «hisi» anausukuma umeme upande mmoja mara kumi na moja mfululizo, na doa la mwanga linaanza kuhama mahali pake pa katikati.

Kulikuwa na jambo jingine lililozidisha ugumu. Ili kuzuia mikondo ya umeme itokayo ardhini isiingie katika chombo cha kupokelea, Varley na wenzake walianza katika miaka ya 1860 kuweka kapasita mwishoni mwa kebo. Kapasita hupitisha mabadiliko tu. Umeme unaotulia upande mmoja hauwezi kuvuka. Vyombo vya leo pia vimejaa kapasita na transfoma za kazi hiyo hiyo, maana hutenganisha mashine mbili zisizo na kiwango kimoja cha umeme. Kwa hiyo inafaa tuone kwa hesabu jinsi kapasita inavyodhuru ujumbe usiolingana.

Tuseme 1 ni volti moja na 0 ni volti sifuri. Ikiwa tarakimu hizo ziko nusu kwa nusu, wastani wake ni nusu volti. Kapasita huuondoa wastani huo. Basi upande wa pili 1 huonekana kama +0.5 na 0 kama -0.5. Mpokeaji huweka mpaka wake katikati, naye ana nafasi ya nusu volti kila upande. Lakini tuseme tarakimu tatu katika kila nne ni 1. Wastani sasa ni 0.75. Ukiisha kuondolewa, 1 inasimama kwenye +0.25 tu, na 0 inashuka hata -0.75. Kelele ndogo ya umeme ya volti 0.3, ambayo zamani isingedhuru kitu, yaweza sasa kuigeuza 1 kuwa 0. Mpaka haukuhama, ni ujumbe wenyewe uliozama.

Tiba ya kwanza iliyokuwa nadhifu kweli ilitumiwa na kampuni ya Bell huko Marekani, ilipoanzisha mfumo wa T1 mwaka wa 1962 ili kupitisha mazungumzo 24 ya simu katika jozi mbili za waya. Kila kilometa mbili hivi paliwekwa chombo cha kuupa ujumbe nguvu mpya, na umeme wa kukiendesha ulipita katika waya zile zile. Hapakuwa na budi basi ujumbe usiwe na umeme wa upande mmoja hata kidogo. Kanuni yao ilikuwa hii: 0 ni kimya; 1 ni mdundo, lakini kama mdundo uliotangulia ulipanda, huu ushuke, na kama ulishuka, huu upande. Kwa njia hiyo deni halizidi mdundo mmoja kamwe. Tena ikitokea midundo miwili mfululizo ikapanda, mpokeaji anajua papo hapo kwamba pana kosa. Udhaifu wake ulikuwa kimya kirefu, kwani sifuri nyingi hazina mdundo, na mpokeaji asiposikia mdundo hupoteza hesabu ya saa.

Kanuni hiyo inahitaji hali tatu: kupanda, kimya na kushuka. Waya wa shaba unaziweza. Uzi wa kioo upitishao mwanga hauwezi, kwani taa ama inawaka ama imezimwa. Hakuna mwanga wa kinyume. Hapo ndipo watu wawili wa IBM, Al Widmer na Peter Franaszek, walipoingia. Franaszek alikwisha kuchapisha mwaka wa 1968, alipokuwa Bell, fikira za msimbo unaokumbuka hali yake na kuchagua maneno kulingana na hali hiyo. Mwaka wa 1983 wawili hao wakatangaza katika jarida la utafiti la IBM msimbo ambao kila baiti ya biti 8 huvikwa neno la biti 10.

Kwa nini kumi? Mtu angedhani kwamba inatosha kuchagua maneno ya biti kumi yenye moja tano na sifuri tano tu, na mambo yakaisha. Hesabu maneno hayo: yako 252. Baiti ziko 256. Zimepungua nne! Tena mengine kati ya hayo 252 hayafai, kwa kuwa yana tarakimu ya namna moja mfululizo mno, na mengine hutakiwa kwa ishara za kuongozea mazungumzo. Ilibidi basi kukubali maneno yasiyolingana, yenye moja sita na sifuri nne, lakini kila moja lipewe pacha wake mwenye moja nne na sifuri sita. Baiti ni ile ile. Sura zake ni mbili.

Ni nani atakayechagua sura? Ni salio. Mpelekaji ana daftari la mstari mmoja, ambalo mwisho wa kila neno husomeka ama -1 ama +1. Likisomeka -1, yaani sifuri zimetangulia, huchagua sura yenye moja nyingi, na salio huwa +1. Likisomeka +1, huchagua pacha wake, na salio hurudi -1. Neno lenye moja tano haligusi salio. Mwanzo wa safari salio huwekwa -1.

Tulipeleke neno «MAMA». Katika tarakilishi M ni 01001101 na A ni 01000001. Widmer na Franaszek hawakuivika baiti nzima kwa mara moja. Biti tano za mwisho hupewa sita na tatu za mwanzo hupewa nne, na zile sita ndizo zinazotangulia katika waya, ili vifaa viwe vidogo. Katika mistari ifuatayo tarakimu ya kwanza ni salio la kabla, na ya mwisho ni salio la baada.

```
-1  M  101100 0101  -1
-1  A  011101 0101  +1
+1  M  101100 0101  +1
+1  A  100010 0101  -1
```

Angalia herufi A. Mara ya kwanza ilikuwa na moja sita, mara ya pili ina nne. M haikubadilika, kwa kuwa imelingana yenyewe. Jumla ya biti 40 ina moja ishirini, nalo daftari limerudi lilipoanza.

Mpokeaji naye ana daftari lake, na hapa pana faida ambayo yanipendeza kuliko zote. Tuseme njiani biti ya sita ya M ya kwanza imegeuka kutoka 0 kuwa 1. Mpokeaji anapata 101101 0101. Hilo ni neno halali kabisa. Ni herufi B. Hashuku kitu, anaandika salio +1. Kisha inafika A yenye moja sita. Kama angeikubali, salio lingekuwa +3, na salio la namna hiyo haliruhusiwi. Anatambua kwamba pana kosa. Lakini, msomaji, usimsifu kupita kiasi. Anajua kwamba kosa limetokea, hajui wapi. Anailaumu A, ilhali mkosaji ni herufi iliyotangulia. Kama baada ya kosa zingefuata M kumi, asingegundua lolote mpaka lije neno lisilolingana. Na biti mbili zikigeuka kinyume kwa kinyume ndani ya neno moja, daftari laweza lisihisi kitu. Ndiyo sababu Etheneti huongeza biti 32 za ukaguzi mwishoni mwa kila furushi la habari.

Bei ya ulinganifu huu ni biti mbili juu ya kila nane. Etheneti ya gigabiti ya uzi wa kioo, iliyokubaliwa mwaka wa 1998, hupeleka biti milioni 1,250 kwa sekunde ili zifike milioni 1,000 za habari. Kasi zilipozidi, bei hiyo ikachukiza. Etheneti ya gigabiti kumi mwaka wa 2002 ilitumia biti 66 kwa kila 64, ikazivuruga biti kwa kanuni ijulikanayo na pande zote mbili, ikitumaini kwamba moja na sifuri zitakaribia kulingana zenyewe kama kurusha sarafu mara nyingi. Kwa kawaida hukaribia, lakini hakuna daftari linalozilazimisha. Mfumo uitwao Interlaken, uliobuniwa na Cisco na Cortina, ukaongeza biti moja zaidi, ya 67. Kazi yake ni kusema kama neno zima limepinduliwa, moja kuwa sifuri na sifuri kuwa moja, kwa ajili ya kulirudisha salio katikati.