Hati ya Makubaliano ya Mafunzo: Kazi ya Kila Upande, Muda, na Njia ya Kumaliza Mivutano

Hati ya makubaliano ni andiko linalotiwa sahihi na taasisi mbili zinazotaka kufanya jambo pamoja huku kila moja ikibaki na uongozi wake, fedha zake na jina lake. Katika mafunzo, jozi inayoonekana mara nyingi zaidi ni chuo kinachohitaji mahali pa kuwapeleka wanafunzi wakashike kazi yenyewe, na mwajiri mwenye karakana, hoteli au kiwanda anayetaka kuwaona mafundi chipukizi kabla hajawaajiri. Wanafunzi wa Tanzania huiita safari hiyo fildi. Wa Kenya husema wanakwenda atachimenti. Wao hawaweki sahihi kwenye hati, ila mahali popote hati ilipoacha pengo, wao ndio wanaotumbukia.

Wengi huamini kwamba karatasi ikishaitwa hati ya makubaliano haimfungi mtu kisheria. Jina pekee halitoshi kuamua hivyo. Tarehe 7 Aprili 2009, Kenya na Somalia zilitia sahihi hati ya makubaliano kuhusu maombi yao kwa tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mipaka ya nje ya sakafu ya bahari. Bunge la Somalia likaikataa mwaka uleule, na mpaka wa bahari ukafikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 2 Februari 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba hati ile ni mkataba halali unaozifunga nchi zote mbili. Papo hapo ikasema kwamba aya ya sita, ambayo Kenya iliitegemea kuonyesha kuwa pande zilikwisha kuchagua njia nyingine ya kumaliza mgogoro, haikuwa na maana hiyo. Karatasi moja ikawa na nguvu kuliko alivyotaka mmoja, na kipengele chake cha mgogoro kikawa dhaifu kuliko alivyodhani mwingine.

Hiyo ilikuwa sheria ya mataifa. Kwa chuo na mwajiri wa Tanzania Bara, swali hupimwa kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo katika kifungu cha 10 huangalia kama pande zenye uwezo kisheria zimekubaliana kwa hiari, kwa malipo au fidia halali na kwa lengo halali. Kwa hiyo wakitaka hati isiwafunge, waiseme nia hiyo waziwazi. Hata wakiisema, kuna kesi ya zamani ya Uingereza inayofaa kukumbukwa, ya Rose na Frank dhidi ya Crompton, iliyohusu biashara ya karatasi. Kampuni hizo ziliandika mwaka 1913 kwamba mapatano yao hayatakuwa na nguvu ya kisheria mahakamani. Uamuzi wa mwisho, uliotolewa mwaka 1924, ulikubali kwamba mapatano ya jumla kweli hayakuwa na nguvu hiyo, lakini kila oda iliyokwisha kupokelewa na kukubaliwa ilikuwa mkataba kamili. Kwa mantiki hiyo, chuo na gereji zinaweza kuandika kwamba ushirikiano wao ni wa hiari, lakini gereji ikishajibu barua ya chuo kwamba itawapokea wanafunzi 12 kuanzia Jumatatu fulani, hali imebadilika. Hati zilizoandikwa vizuri hutenganisha mambo haya mawili: nia ya kushirikiana haifungi, bali vipengele vya bima, posho, siri za mwajiri, taarifa binafsi za wanafunzi na utatuzi wa migogoro vinafunga.

Tuchukue mfano wa kubuni tuupeleke hadi mwisho. Chuo cha ufundi stadi kilichopo Tanga mjini kinakubaliana na gereji ya malori. Kila mwaka wanafunzi 24 wa ufundi wa magari watakwenda kwa makundi mawili ya watu 12, na kila kundi litakaa wiki 8, siku tano kwa wiki.

Rasimu ya kwanza ya hati kama hii karibu kila mara huwa na sentensi isemayo kwamba pande zote mbili zitashirikiana kuwasimamia wanafunzi. Inasikika vizuri mezani. Kwenye karakana haimwambii mtu yeyote aamke afanye nini, na mwanafunzi hujikuta akiosha chasi wiki tatu mfululizo kwa sababu hakuna fundi aliyekabidhiwa. Dawa yake ni kutafuta mtendaji mmoja kwa kila kitenzi. Gereji itateua fundi mmoja kwa kila wanafunzi wanne, yaani mafundi watatu kwa kundi. Fundi huyo atatia sahihi daftari la mafunzo kila Ijumaa. Chuo kitatuma mwalimu kukagua katika wiki ya tatu na ya saba. Ovaroli na viatu vya usalama vitanunuliwa na chuo kabla ya siku ya kwanza, na vifaa vya karakana vitatolewa na gereji. Orodha ya kazi ambazo kila mwanafunzi lazima azifanye, kama kushusha gia boksi, kufunga breki na kusoma hitilafu kwa mashine ya uchunguzi, iwekwe kwenye kiambatisho, ili ikibadilika teknolojia ibadilishwe yenyewe bila kuigusa hati nzima. Mkaguzi akifungua daftari wiki ya tatu na kukuta neno "usafi" kwenye kurasa nyingi, hana haja ya kumhoji mtu ili ajue mafunzo hayajaanza.

Fedha zinastahili hesabu kamili. Tuseme kila mwanafunzi anapewa shilingi 5,000 kwa siku, kwa ajili ya nauli na chakula. Wanafunzi 12 kwa siku 40 ni shilingi 2,400,000 kwa kundi, na 4,800,000 kwa mwaka. Anayelipa ni chuo? Analipa kila wiki au mwisho? Kwa mahudhurio yaliyothibitishwa na nani? Nimeona hati zenye kurasa mbili za shukrani na sentensi moja ya posho, na ugomvi wote ukatokea kwenye ile sentensi moja. Ajali nayo isiachwe itafutiwe majibu siku mkono unapovuja damu. Kuwa na bima ni jambo moja, na kumpeleka majeruhi hospitali saa ileile ni jambo jingine. La pili ni la aliyepo pale, yaani gereji, na gharama zitafuatiliwa baadaye kwa yule aliyekata bima.

Kuhusu muda, hati huhitaji tarehe ya kuanza kutumika, ambayo si lazima iwe tarehe ya sahihi, na tarehe ya kwisha. Miaka mitatu ni kipimo kizuri kwa mfano wetu: mwaka wa kwanza hupotea katika kuzoeana, na matokeo ya maana huanza kuonekana kwenye mwaka wa pili. Kujihuisha yenyewe bila mtu kutia sahihi sikupendi. Hati za namna hiyo huendelea kuishi kabatini baada ya waratibu wote wawili kuhama, na siku mwanafunzi anapoumia ndipo watu huulizana kama bado zina nguvu.

Hatari kubwa zaidi imo katika kipengele cha kusitisha. Mtindo uliozoeleka huruhusu upande wowote kujitoa kwa taarifa ya siku 30. Sasa ihesabu kwa kundi letu. Gereji inapata zabuni kubwa na kuandika barua ya kujitoa siku ya kumi ya kalenda tangu mafunzo yaanze. Siku thelathini zinakwisha siku ya arobaini ya kalenda, ambayo imo ndani ya wiki ya sita. Wanafunzi 12 wanarudi chuoni wakiwa na wiki sita tu kati ya nane, daftari lina mapengo, na gereji haikuvunja lolote. Kuongeza taarifa iwe siku 90 kunapunguza tatizo, lakini sentensi moja hulimaliza: kusitishwa kwa hati hakutaligusa kundi lililokwisha kuanza. Pia itajwe kwamba posho iliyokwisha kufikia muda wake, sahihi za madaftari na wajibu wa kutunza siri na taarifa za wanafunzi huendelea hata hati ikishakufa.

Kwenye migogoro, hati nyingi husema tu kwamba tofauti zitamalizwa kirafiki. Urafiki usio na tarehe humfaa anayedaiwa. Kwa hiyo waandishi makini huweka ngazi. Waratibu wa pande mbili wana siku tano za kazi kujibizana kwa maandishi. Wakishindwa, wakuu wa taasisi wana siku kumi za kazi. Wakishindwa nao, anaitwa mtu wa tatu ambaye ana siku 21.

Ngazi hiyo ina kasoro ambayo haionekani mpaka ijaribiwe. Tuseme mlipaji ni chuo, wiki ya tatu imekwisha na posho haijalipwa. Chuo kinasema madaftari hayakutiwa sahihi, kwa hiyo mahudhurio hayajulikani. Gereji inasema hakuna sahihi kwa kuwa wanafunzi waliacha kuja, na waliacha kuja kwa kukosa nauli. Kila mmoja ana hoja. Siku tano na kumi za kazi ni wiki tatu, na siku 21 ni wiki tatu nyingine. Jumla ni wiki sita, na kundi limebakiza wiki tano. Utaratibu ukifuatwa kikamilifu, utatoa jibu baada ya wanafunzi kwenda zao.

Marekebisho ni mawili. Kwanza, hatua za chini zifupishwe wakati kundi lipo kazini: siku mbili kwa waratibu, tano kwa wakuu, na mtu wa tatu ashughulikie madai ya fedha baada ya mafunzo. Pili, hati iamuru kwamba mafunzo yanaendelea na sehemu ya posho isiyobishaniwa inalipwa wakati mazungumzo yakiendelea. Kama siku za wiki ya kwanza zina sahihi, hizo zilipwe. 12 mara tano mara 5,000 ni shilingi 300,000, na nauli ya kuja kesho imepatikana.

Kuhusu mtu wa tatu, hati ieleze bila utata kama kazi yake ni kuwapatanisha tu au uamuzi wake ni wa mwisho. Ni bora itaje ofisi kuliko mtu, kwa mfano mwenyekiti wa chemba ya biashara ya mkoa, kwa sababu watu huhama na hufa. Pande zikitaka uamuzi unaofunga nje ya mahakama, Tanzania Bara ina Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, na mapatano ya kwenda huko sharti yawe ya maandishi. Kwa mvutano wa shilingi 2,400,000, hata hivyo, njia hiyo haifai: ada za msuluhishi na mawakili zinaweza kuimeza fedha yenyewe. Kwa kiasi hicho, upatanishi ukishindikana, afadhali hati iziache pande zifungue shauri mahakamani.

Kinachobaki ni ushahidi wa walichokubaliana mwishoni. Mgogoro wa posho ukimalizwa kwa simu kati ya waratibu wawili, kundi la pili litaanza chini ya utaratibu ambao haumo kwenye karatasi yoyote. Kwa hiyo makubaliano mapya huandikwa kama nyongeza yenye namba na tarehe, ikitaja kipengele inachokibadilisha, na hutiwa sahihi na wenye mamlaka yaleyale waliotia sahihi hati ya mwanzo. Ikiwa hati ina nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza, nyongeza nayo iwe katika lugha zote mbili, na itajwe ni ipi itakayofuatwa zikitofautiana.