Kuhakiki dozi ya artesuneti kwa uzito wa mtoto

Kuhakiki dozi kwa uzito ni kukokotoa upya kiasi cha dawa kabla mgonjwa hajapewa, ili kuona kama uzito, vipimo na namba ya mwisho vinakubaliana. Mfano ambao mwanafunzi wa uuguzi huko Songea au Peramiho, mkoani Ruvuma, anaweza kukutana nao wodini ni sindano ya artesuneti kwa mtoto mwenye malaria kali.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mg 3 kwa kila kilo moja kwa mtoto aliye chini ya kg 20, na mg 2.4 kwa kila kilo kuanzia kg 20. Kichupa kilichozoeleka kina mg 60 za unga. Unga huyeyushwa kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti, kisha huongezwa maji ya chumvi: ml 5 kwa sindano ya mshipa, ml 2 kwa sindano ya msuli. Hivyo dawa ya mshipa huwa na mg 10 katika kila ml, na ya msuli mg 20. Kuna matoleo yanayochanganywa kwa namna nyingine, kwa hiyo maelezo ya boksi husomwa kwanza.

Tuchukue mtoto wa kg 14 atakayechomwa mshipani:

```
14 kg x 3 mg/kg = 42 mg
42 mg / 10 mg/ml = 4.2 ml
```

Kwa dawa hii ml hupandishwa hadi namba nzima inayofuata, yaani 5, kwa kuwa dozi pungufu katika malaria kali ni hatari kuliko ziada ndogo. Kanuni hii isihamishiwe kwenye dawa nyingine, kama jentamaisini. Tena namba hupandishwa mara moja tu, mwishoni.

Uhakiki hurudi kinyumenyume: ml 5 ni mg 50, na 50 kugawanya kwa 14 ni karibu mg 3.6 kwa kilo. Inakubalika.

Kosa gumu kuonekana ni kuchanganya njia mbili. Aliyekokotoa kwa msuli hupata ml 2.1, hupandisha hadi 3. Akivuta ml 3 hizo kutoka kichupa cha mshipa, mtoto hupata mg 30, karibu mg 2.1 kwa kilo, na bomba halionyeshi dalili yoyote. Kosa la kinyume hujifichua, maana kichupa cha msuli kina ml 3 tu, hakiwezi kutoa 5. Vivyo hivyo uzito ulioandikwa kwa pauni: 31 badala ya 14 huleta zaidi ya mg 70 kwa mtoto anayetosheka na kichupa kimoja.

Jambo moja huwatatiza wengi: mtoto wa kg 19 hupata mg 57, wa kg 20 mg 48. Hesabu zote mbili ni sahihi, kwani mwili wa mtoto mdogo hubaki na dawa kidogo zaidi katika damu kwa kiwango kilekile cha kilo.