Dola itapanda mpaka wapi? Namna ya kuhesabia kwa mfumuko wa bei wa inchi mbili

Kila mwanzo wa mwaka, watu wa Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira wanajiuliza jambo moja: dola itakuwa kwa faranga ngapi ku mwisho wa mwaka? Kambisti wa kando ya barabara ana jibu lake, mwenye depo ana lake. Iko pia hesabu moja ya zamani, yenye wachumi wanatumia kabla ya hesabu zingine zote. Haihitaji masomo makubwa: namba tatu na kalkileta ya simu zinatosha. Lakini hapa Kongo hii hesabu iko na mitego yake, na mwenye kuitumia bila kuijua anaweza kupoteza pesa.

Fikra yenyewe ni hii. Pesa ni nguvu ya kununua. Kama mu mwaka mmoja bei za vitu zinapanda sana mu Kongo, na mu Amerika zinapanda kidogo tu, faranga imepoteza nguvu kuliko dola. Kama bei ya dola ingebakia palepale, wafanyabiashara wangeona faida haraka: wangebadilisha faranga zao, wanunue vitu inje ambako bei haikupanda, na kuviuza huku ambako imepanda. Wote wangekimbilia dola kwa mara moja. Dola ingepanda mpaka ile faida iishe. Mwalimu wa uchumi wa Suedi, Gustav Cassel, ndiye alipatia hii fikra jina mu mwaka 1918, wakati vita kubwa ilikuwa imevuruga bei na pesa za Ulaya: uwiano wa nguvu ya kununua.

Angalia vizuri: hesabu haisemi kwamba kilo ya sukari lazima iwe bei moja Goma na Niuyoki. Inasema tu kwamba bei ya dola inapaswa kusogea sawasawa na tofauti ya kupanda kwa bei kati ya inchi mbili. Inaandikwa hivi:

```
bei mpya ya dola = bei ya leo × (1 + mfumuko wa Kongo) ÷ (1 + mfumuko wa Amerika)
```

Sasa tuchukue mwaka wa kweli. Ku mwisho wa 2022, dola moja ilikuwa karibu 2,020 FC. Mu mwaka 2023, bei za Kongo zilipanda karibu asilimia 24 kufika mwezi wa kumi na mbili. Za Amerika zilipanda asilimia 3.4. Gawa 1.24 kwa 1.034, unapata karibu 1.20. Zidisha 2,020 kwa hiyo namba, bila kuikata, unafika karibu 2,420 FC. Ndiyo bei yenye hesabu ilikuwa inangojea ku mwisho wa 2023.

Wengi wanafanya kwa njia ya mkato: 24 kutoa 3.4, inabaki 20.6, basi dola itapanda asilimia 20.6. Kwa mfumuko mdogo njia ya mkato haidanganyi sana. Hapa kosa halifiki hata asilimia moja. Lakini kama bei zimepanda asilimia 100 huku na 50 kule, mkato unasema 50, na jibu la kweli ni 33. Kwa inchi yenye iliona bei za wakati wa Zaire mu miaka ya tisini, heri kuzoea kugawa kuliko kutoa.

Iko na kosa lingine, na hili linaumiza zaidi wenye kuweka akiba. Dola ikipanda asilimia 20, haimaanishi kwamba faranga imeshuka asilimia 20. Tuseme likelemba moja ilikuwa na 600,000 FC mu sanduku. Kwa bei ya 2,020, hizo zilikuwa dola 297. Kwa bei ya 2,420, ni dola 248. Zimepungua dola 49, ni kusema karibu asilimia 16 na nusu. Mutu akitangaza kwa mukutano kwamba akiba imepoteza asilimia 20, anaogopesha wenzake kuliko inavyostahili.

Lakini dola ya mwaka 2023 haikusimama ku 2,420. Ilimaliza mwaka karibu 2,680. Faranga 260 zaidi kuliko hesabu ilivyosema. Kwa mwenye kuchenji dola kumi, si kitu kikubwa. Kwa mwalimu mwenye kulipwa kwa faranga na kupanga nyumba kwa dola, ni jambo lingine. Tuseme mshahara wake ni 300,000 FC na nyumba ni dola 60. Mwanzo wa mwaka nyumba ilikula 121,200 FC. Kama angepanga kwa hesabu, angejitayarisha kufika karibu 145,000. Mwezi wa kumi na mbili alilipa 160,800, zaidi ya nusu ya mshahara. Hesabu ilimuonyesha njia, lakini haikumfikisha.

Sababu ya ile tofauti ni namna Kongo inavyotumia dola. Mu inchi nyingi, bei za soko zinapanda kwanza, pesa ya inchi inafuata polepole. Hapa mara nyingi inaenda kinyume. Kiwanja, nyumba, pikipiki, simu, sementi, na hata feleti ya duka ya jumla, vyote bei yake inafikiriwa kwa dola, hata kama mnunuzi anatoa faranga. Dola ikipanda asubuhi, saa sita mwenye butike amekwisha kubadilisha bei ya mafuta na sabuni. Kwa hiyo ule mfumuko wa asilimia 24, wenye tunaingiza mu hesabu kama sababu, kwa sehemu kubwa ulikuwa matokeo ya dola yenyewe. Ni kama kupima moto kwa kuangalia moshi: moshi ni wa kweli, lakini si wenyewe unaochoma.

Zaidi ya hapo, si kila kitu kinavuka mpaka. Sombe, kinyozi, malipo ya pikipiki, kodi ya nyumba ku kijiji: hivyo viko mu mfumuko wa bei, lakini hakuna mfanyabiashara anaweza kuvileta kutoka inje kwa kutafuta faida. Kule ambako barabara imekatwa au vita vimefunga njia ya mashamba, bei ya maharagi inaweza kupanda sana bila dola kujua. Na namba ya mfumuko ya inchi nzima haionyeshi kila mara soko la Beni au la Kalemie.

Mwaka uliofuata unafundisha jambo lingine. Mu 2024 bei za Kongo zilipanda karibu asilimia 12, za Amerika 2.9. Kuanzia ku 2,680, hesabu ilingojea karibu 2,915. Dola ilimaliza mwaka karibu 2,850. Safari hii ilibakia nyuma ya hesabu. Ukiunganisha miaka miwili, kutoka 2,020, hesabu inatoa karibu 2,640, na soko lilifika 2,850. Pengo lilikuwa faranga 260 mu mwaka mmoja. Kwa miaka miwili ni 210. Haikufungika, lakini ilianza kupungua. Ndiyo tabia ya hii hesabu: kwa miezi michache inaweza kukosea sana, kwa miaka mingi inakaribia. Mwenye kuitumia ili ajue kama auze dola zake kesho, anaitumia vibaya. Mwenye kupanga kodi ya miaka mitatu au deni refu, inamusaidia.

Na iko swali la wapi umeanzia. Hesabu inaamini kwamba bei ya dola ya siku ya kwanza ilikuwa ya haki. Ukianza mwaka wakati dola imepandishwa na hofu, utaongeza mfumuko juu ya bei yenye ilikuwa tayari imepita kiasi, na jibu lako litakuwa juu sana. Ndiyo sababu moja 2024 ilitoka chini ya hesabu. Dawa ni kuanzia mbali zaidi, ku mwaka ambao soko lilikuwa limetulia, na kulinganisha majibu mawili.

Mpaka hapa tumetumia mfumuko wa mwaka uliokwisha kupita. Kwa mwaka unaokuja, mutu anahitaji mfumuko unaongojewa. Banki Kuu ya Kongo na Shirika la Fedha la Kimataifa (FMI) wanatoa makadirio yao, na bajeti ya Serikali pia inajengwa juu ya makadirio ya namna hiyo. Hapa angalisho: kuna mfumuko wa kati wa mwaka mzima, na kuna mfumuko wa mwisho wa mwaka. Kwa 2023, wa kati ulikuwa karibu 20, wa mwisho karibu 24. Kama unatafuta bei ya dola ya mwezi wa kumi na mbili, chukua wa mwisho, kwa inchi zote mbili. Kuchanganya wa kati wa huku na wa mwisho wa kule ni kosa lenye halionekani, juu ya namba zote mbili zinaitwa tu "mfumuko".

Wafanyabiashara wa mashariki wanaweza kufanya hii hesabu hata bila dola. Mwenye kuleta bidhaa kutoka Kampala anaweka mfumuko wa Uganda pahali pa ule wa Amerika, na anaanzia ku bei ya shilingi ya Uganda kwa faranga. Kwa mwenye kununua vitu vilivyotengenezwa Uganda, jibu hilo linamufaa kuliko la dola.

Mwaka 2025 ulileta kitu chenye hesabu haiwezi kuona kabisa. Mu Goma mabanki yalifungwa tangu mwisho wa mwezi wa kwanza, na noti za faranga zikawa haba na kuchakaa. Kambisti alianza kuangalia hali ya noti, si mfumuko. Kisha, mu miezi ya tisa na ya kumi, dola ilishuka haraka, kutoka karibu 2,850 kwenda chini ya 2,500, wakati Banki Kuu ilikuwa inauza dola ku soko la mabanki. Tofauti ya mfumuko wa Kongo na wa Amerika haikutosha kueleza ule mushuko. Kwa hesabu, dola haikupaswa kushuka kwa kiasi hicho. Likelemba zenye ziligeuza akiba yote kuwa dola mu mwezi wa nane, kwa kuogopa mfumuko, zilipogawana ku mwisho wa mwaka zilipata faranga chache kuliko zenye ziliacha nusu mu faranga. Na ku butike, bei zilizopanda pamoja na dola hazikuharakisha kushuka nayo.